Salamu za Saa Kumi na Mbili

Aliyefariki alikuwa karani wa idara yetu ya matengenezo katika hoteli moja ya Diani, na meza yake ilipakana na yangu. Homa ilimchukua kwa muda mfupi. Tukamzika kwao Msambweni, na keshoye asubuhi barua pepe yake ikanifikia: kazi ya jenereta, zimebaki siku tatu.

Sikushangaa sana, kwani skripti iliyoituma, programu ndogo ya kukumbusha kazi, aliiandika mbele yangu. Kila siku baada ya saa kumi na mbili asubuhi ilipitia jedwali letu la kazi la mtandaoni, la Sheets, ikatazama kazi zilizokaribia tarehe ya mwisho, ikamwandikia mhusika, kisha ikaongeza mstari katika rejista ya ujumbe uliotumwa. Aliiwekea hata safu ya salamu, kila mtu na yake. Mama wa kitengo cha dobi, aliyetuzidi sote umri, alipata shikamoo.

"Leo tena ameniamkia," mama akaniambia, simu mkononi. "Nimemjibu marahaba. Nimekosea?"

"Hujakosea, mama."

Meneja hakuyapenda hayo. "Wageni wanalala hapa, na marehemu anatuma barua. Ifanye itoke kwako."

Nikaifungua skripti. Palipoorodheshwa saa za kuiamsha, kila moja ikituma kwa akaunti ya aliyeiweka, mwenye saa iliyokuwapo aliandikwa tu "mtumiaji mwingine". Saa yake sikuweza kuifuta, ila niliweza kuweka yangu, ya saa moja asubuhi. Nikakubali ruhusa zote, nikangoja.

Hakuna kilichotoka kwangu. Siku iliyofuata vilevile. Nikaisoma skripti mstari kwa mstari hadi nikaelewa: kabla ya kutuma, ilitazama rejista kwanza, na kama kazi ile ilishakumbushwa, ilinyamaza. Kila asubuhi saa yangu ilipofika, yake ilikuwa imekwisha kupita. Nilikaa pale ofisini, mkono juu ya meza, nikiangalia mistari aliyonitangulia kuiandika.

Ningeweza kuizuia ile yake kwa kubadili maneno machache. Sikufanya hivyo, wala meneja sikumweleza. Nilianza kufika kazini mapema, kabla ya wenzangu, nikaiacha rejista wazi, nikaitazama safu ya mwisho hadi mstari mpya utokee. Ulipotokea, nilijikuta nikiitikia kwa sauti.

Mwisho wa mwezi makao makuu walifunga akaunti yake. Asubuhi ile saa kumi na mbili ilipita, ikafika saa moja, ndipo mstari ukaandikwa: tarehe, kazi, anwani ya dobi. Rejista haikuwa na safu ya mtumaji, kwa hiyo wangu haukutofautiana na yake.

Baadaye mama akaja. Alikuwa ameijibu barua ya zamani, na jibu lake lilikuwa limerudishwa.

"Wanasema anwani hii haipo."

"Ndiyo, mama. Sasa salamu zinatoka kwangu; nijibu mimi."

"Basi nawe kula uji kabla ya kuja," akasema. "Umekonda."