Barua ya Mama Kengele Iliyozuia Basi Getini

“Hivi mwalimu, mvua ambayo haijanyesha unaiogopea nini?”

Swali hilo mwalimu mkuu aliulizwa na jirani yake Ijumaa moja, kila mmoja akianika nguo upande wake wa ua. Jua lilikuwa kali, nguo zikikauka kabla hazijamaliza kudondosha maji. Mwalimu mkuu alibana shuka la mwisho, akasema, “Siiogopi, jirani yangu. Nimeipisha tu.” Akaingia ndani.

Jibu lilikuwa jepesi, lakini moyo ulikuwa mzito. Kesho yake kuna basi lilikuwa limeahidiwa kuondoka na watoto wa shule yake, yeye akiwa hajaruhusu.

Leo, majuma kadhaa baadaye, yuko ofisini kabla jua halijapanda. Anafuta meza kwa kitambaa chenye unyevu, anafungua dirisha linalokwama kwa kulipiga kofi pembeni, kisha anatoka kupiga kengele mwenyewe. Hamwachii mtu kazi hiyo. Ndiyo maana watoto, na siku hizi hata wazazi, humwita Mama Kengele. Ni mwanamke wa miaka hamsini na minne, mnyoofu, mwenye sauti ambayo haijawahi kuhitaji kipaza sauti.

“Watu wanadhani kazi ya mwalimu mkuu ni kuchapa na kupiga sahihi,” anasema akicheka. “Kazi yangu kubwa ni kuandika kitu ambacho mzazi akisoma atalala usingizi, au atakosa usingizi pale inapobidi.”

Barua ya namna hiyo aliiandika Alhamisi, siku moja kabla ya swali lile la jirani. Safari ilikuwa ya Jumamosi: darasa la sita lote kwenda kuona bwawa la kufulia umeme, ng’ambo ya bonde. Watoto walikuwa wameshachora bwawa hilo ukutani kwa chaki za rangi, na samaki wakubwa kuliko basi.

Wakati wa chai ya saa nne, redio ya walimu ilitoa taarifa ya mamlaka ya hali ya hewa. Dhoruba ya mvua kubwa na upepo mkali ilitarajiwa kwenye nyanda za juu, kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili asubuhi. Onyo lilikuwa la rangi ya machungwa, ngazi ya kati. Chini yake kuna njano, juu yake nyekundu.

Hakukimbilia kalamu. Alipiga simu kwanza ofisi ya hali ya hewa, akauliza kama bonde lenyewe limo ndani ya eneo la onyo. Limo. Akauliza rangi ile maana yake nini hasa. Ofisa wa zamu akamweleza kwa utulivu kwamba rangi hupangwa kwa mambo mawili yakiwekwa pamoja: uwezekano wa jambo kutokea, na madhara yake likitokea. Mara hii uwezekano ulikuwa wa kati, madhara makubwa.

“Hapo nikaelewa,” anasema. “Hawakuniambia mvua itanyesha. Waliniambia ikinyesha haitakuwa na mchezo.”

Simu ya pili ilikwenda bwawani. Msimamizi akasema wao watakuwa wazi, hawana tatizo na wageni. Tatizo ni njia. Barabara ni moja, nayo inapita juu ya daraja la chini ambalo mto ukijaa hulifunika. Watoto wangevuka kwenda asubuhi kukiwa kukavu na kurudi alasiri, saa zilezile za onyo. Simu ya tatu ilikwenda ofisi ya elimu, iliyokuwa imetoa kibali cha safari. Wakamwambia kibali hakimlazimishi kwenda, uamuzi ni wake, awape nakala ya barua.

Mpaka hapo hapakuwa na ugumu. Ugumu ulikuja mchana kwa miguu, umevaa kofia.

Ulikuwa ni baba wa binti mmoja wa darasa la sita, mtengenezaji wa redio na simu, anayejulikana mtaa mzima kwa jina la Fundi Redio. Yeye ndiye aliyelitafuta basi na kubembeleza bei.

“Mama Kengele, nasikia unataka kutufutia safari.”

“Sitaki, Fundi. Nimeshafuta. Karibu kiti.”

“Kwa wingu lipi? Toka nje uniangalizie, kama utaliona wingu hata la kutengenezea mto wa kulalia!”

“Wingu la Jumamosi nitalionaje Alhamisi?”

“Basi tutawapeleka sisi wazazi. Basi ni la kukodi, watoto ni wetu. Wewe baki hapa ulinde onyo lako lisiibiwe.”

Alisema akicheka, lakini hakuwa anatania. Na mwalimu mkuu alijua kwamba Jumamosi mtoto ni wa mzazi wake. Hana geti la kufunga wala polisi wa kutuma. Alikuwa na karatasi moja tu, nayo ilipaswa kuwa imefika kila nyumba kabla ya giza.

Rasimu ya kwanza aliiandika kama barua za shule zinavyoandikwa siku zote. Ilisema kwamba kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wa shule, safari imesitishwa hadi itakapotangazwa tena. Akaenda nayo jikoni.

Huo ndio utaratibu wake. Hakuna barua inayotoka shuleni kwake kabla ya kusomwa mbele ya mpishi, ambaye walimu wote humwita Shangazi. Si kwamba Shangazi husahihisha. Yeye husikiliza tu huku akikoroga, kisha huuliza kile ambacho mzazi angeuliza. Siku hiyo hakuacha hata mwiko.

“Sababu gani hizo? Basi limekufa, au mmekula hela?”

“Shangazi!”

“Mimi si nauliza tu? Na ‘hadi itakapotangazwa’ ni lini, mwalimu? Wanakwenda au hawaendi? Mimi ningekuwa mzazi ningempandisha mwanangu kwenye basi la Fundi, nikajua nyinyi hamna habari.”

Mwalimu mkuu alirudi mezani, akaichana.

Rasimu ya pili ndiyo iliyotoka, na nakala yake bado imo kwenye jalada. Chini ya anwani na tarehe kuna kichwa: YAH: KUFUTWA KWA SAFARI YA BWAWANI YA DARASA LA SITA. Sentensi ya kwanza inasema: “Ndugu mzazi, safari ya Jumamosi haipo, uamuzi huu nimeuchukua mimi.” Halafu inaeleza onyo ni la nani, la eneo gani, linaanza na kuisha lini, na kwa nini daraja la chini ndilo kiini cha jambo. Inataja simu alizopiga na alichojibiwa.

Inaendelea na yale ambayo mzazi huyatafuta kwanza. Michango itarudishwa kuanzia Jumatatu kupitia mwalimu wa darasa, au itabaki kwa safari ijayo, mzazi achague. Jumamosi shule itakuwa imefungwa, mtoto asiletwe. Gari lolote litakalobeba wanafunzi kwenda bwawani siku hiyo halikutumwa na shule, na hakuna mwalimu atakayekuwemo.

Kisha ikaja sentensi iliyozua ubishi: “Huenda Jumamosi asubuhi jua likawaka hapa kwetu. Hilo halitakuwa na maana kwamba bondeni kuko salama, na mimi sitabadili uamuzi.”

Mwenyekiti wa kamati ya shule, aliposomewa kwa simu, alishtuka. “Mwalimu, hiyo ifute. Unawapa watu fimbo ya kukuchapia!”

“Mwenyekiti, wakiiokota wenyewe Jumamosi watanichapa vibaya zaidi. Bora niwape mimi.”

“Haya. Ila mimi simo.”

“Wewe humo. Nimeandika ‘mimi’, sikuandika ‘sisi’.”

Akapiga sahihi kwa mkono wake, akagonga muhuri. Barua zikatoka na watoto jioni ileile. Kwa wazazi ambao hawasomi, walimu wa darasa walipiga simu na kuisoma yote, neno kwa neno, bila kuongeza maelezo yao. Kila aliyepokea alitakiwa kurudisha kipande cha chini chenye sahihi siku ya Ijumaa. Vingi vilirudi. Cha Fundi Redio hakikurudi.

Jumamosi ilipambazuka na jua zuri la kuanikia nafaka. Mwalimu mkuu alikwenda akasimama nje ya geti la shule, pale basi lilipopangwa kuwachukulia watoto, mikono nyuma, akimwomba Mungu kimoyomoyo. Basi likaja, Fundi mbele karibu na dereva, binti yake kiti cha pili amevaa sare iliyopigwa pasi.

“Mama Kengele, jua hilo! Unaliona mwenyewe?”

“Naliona, Fundi. Nililiandika.”

Wazazi walikuja wachache. Mama mmoja muuza mitumba, kamshika mwanawe mkono, alilitazama basi, akamtazama mwalimu, akasema kwa sauti ya sokoni: “Fundi, mimi nilikuja nikiwa nimeamua kwenda. Lakini huyu mama ameandika jua litawaka, na limewaka. Mtu anayekwambia hata lile la kumuumbua, la daraja atakudanganya kwa faida gani? Wangu namrudisha nyumbani.”

Wengine wakamfuata. Dereva akazima injini. Baada ya muda Fundi alimshusha binti yake, na basi likageuka tupu.

Wengi wangependa simulizi hii iseme kwamba daraja lilisombwa. Halikusombwa. Bondeni mvua ilinyesha kuanzia saa nane, mto ukapanda na kupita juu ya daraja mpaka usiku, kisha ukashuka. Huku mjini palidondoka matone ya kulowesha vumbi.

“Siwezi kusimama mbele za Mungu nikasema niliokoa mtu,” anasema. “Pengine wangekaa upande wa pili wanasubiri, wangerudi Jumapili na njaa. Pengine dereva angejaribu kuvuka. Sijui. Niliamua kwa kile nilichokijua Alhamisi, na ningeamua vilevile kesho.”

Sasa mezani kuna barua mpya. Darasa la sita watakwenda bwawani mwezi ujao, mvua zikiisha. Tumaini lake ni kwamba shule nyingine nazo zitaanza kuandika hivi, bila kujificha nyuma ya “sababu zilizo nje ya uwezo”. Jikoni barua hiyo imeshapita. Shangazi aliuliza swali moja tu, kama kutakuwa na choo njiani, na jibu likaongezwa.

Mlango unagongwa. Ni Fundi Redio, kofia mkononi.

“Mama Kengele, nimesikia barua iko tayari. Nimekuja na ombi. Andika humo kwamba safari hii haifutwi. Wazazi wanataka uhakika.”

“Nikiandika hivyo nitakuwa nimewadanganya kabla basi halijawashwa.”

“Sasa mimi niwaambie nini? Basi naendelea kulitafuta mimi.”

“Keti, Fundi.” Anaisukuma barua upande wake na kuweka kidole kwenye aya ya mwisho. “Soma hapa. Siku moja kabla, na tena asubuhi ya safari, tutapiga simu hali ya hewa. Nimeandika ‘tutapiga’ kwa sababu nataka mtu wa pili, mzazi, asikie kwa sikio lake. Mmoja wetu akisema hapana, hatuendi. Hata nikiwa mimi ninayetaka kwenda.”

“Na huyo mzazi ni nani?”

“Nafasi yake hiyo hapo, sijaijaza. Anatakiwa mtu mbishi. Wapole sitaki, watanikubalia kila kitu.”

Fundi anasoma. Anarudia kusoma, midomo ikitikisika. Anatazama pale chini palipoandikwa “Kwa maswali piga simu”, na namba ya mwalimu mkuu peke yake. Anachomoa kalamu mfukoni, anaandika namba yake chini ya ile kwa tarakimu kubwa, anavaa kofia, anatoka.