Mishale ya Seli ya Kati

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha jiografia, nilipelekwa kusahihisha mtihani wa majaribio wa shule kadhaa za Eastlands. Tulikusanyika katika ukumbi wa shule moja ya Makadara, walimu tisa, wote tumevaa sweta kwa sababu ya baridi ya Julai. Mimi peke yangu nilikuwa mwanamke.

Msimamizi wetu alikuwa mzee aliyefundisha kabla sijazaliwa. Yeye ndiye aliyetunga mwongozo wa majibu, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali.

Swali la saba liliwataka wanafunzi wachore seli tatu za mzunguko wa hewa, kutoka Ikweta hadi ncha ya dunia. Kwenye mchoro wa mwongozo, seli ya kwanza ilikuwa sawa: hewa ya moto inapaa Ikweta na kushuka karibu na nyuzi thelathini. Ya ncha nayo ilikuwa sawa: inapaa kwenye nyuzi sitini na kushuka nchani. Lakini mishale ya seli ya kati ilikuwa imegeuzwa. Hewa ilipaa nyuzi thelathini, ikashuka nyuzi sitini.

Nilidhani ni kosa la uchapaji. Kisha nikashika karatasi ya mwanafunzi nisiyemjua, namba tu pembeni. Alikuwa amechora seli ya kati vizuri kabisa, akaandika chini yake kwamba nyuzi thelathini kuna mgandamizo mkubwa wa hewa, ndiyo maana majangwa yako huko. Kwa mwongozo ule, mtoto huyo alistahili sifuri kwa seli hiyo.

Nilisimama. "Mwalimu, mchoro wa swali la saba una kosa."

Hakuinua kichwa. "Sahihisha, mama. Mwongozo ni mwongozo."

"Siwezi kumnyima alama aliyejibu sawa."

Sasa aliinua kichwa. "Seli zote huzunguka upande mmoja. Nimefundisha hivyo tangu wewe ukiwa unanyonya."

Watu wakacheka. Nikaenda ubaoni. Nikachora.

"Hapa nyuzi thelathini, seli ya kwanza inashusha hewa. Hewa ikishuka, inapata joto, inakauka, mawingu hayaundiki. Ndiyo Sahara, ndiyo Kalahari. Mwongozo wako unasema hapo hapo hewa inapaa. Ingekuwa hivyo, Sahara ingekuwa msitu."

Nikachora mshale mwingine chini.

"Tena angalia ardhini. Hewa iliyoshuka hapa hugawanyika. Nyingine inarudi Ikweta, ndizo pepo za biashara. Nyingine inaelekea nyuzi sitini. Upande wa kaskazini mzunguko wa dunia unaipinda kulia, kusini kushoto, kwa hiyo pande zote mbili inavuma kutoka magharibi. Ukigeuza mishale, ardhini hewa itatoka nyuzi sitini kuja thelathini, na ikipindwa itatoka mashariki. Pepo za magharibi zitakuwa zimekwenda wapi?"

Mwalimu kijana kutoka Buruburu alinong'ona nyuma yangu, "Hapo amekushika, mzee."

Mzee alitazama ubao. Halafu akasema kwa upole, kama mtu anayegawa peremende, "Basi. Kubalini majibu yote mawili. Tusigombane."

Nakiri kwamba nilitamani kukaa. Mwalimu mkuu wangu alikuwa rafiki yake. Lakini nilifikiria yule mtoto akiketi darasani na mwenzake aliyechora kinyume, wote wana alama sawa, na mwalimu anawaambia haidhuru.

"Hapana, mwalimu. Hewa haiwezi kupanda na kushuka mahali pamoja. Kila karatasi hapa ina saini ya msahihishaji. Yangu sitaitia kwenye uongo."

"Basi weka kalamu chini."

Niliiweka. Kijana wa Buruburu akaweka yake. Kisha mwalimu mwingine, na mwingine. Mzee akatoka kwenda kunywa chai.

Aliporudi hakumwangalia yeyote. Alichukua mwongozo, akafuta mishale ya seli ya kati kwa kalamu nyekundu, akachora mingine. "Endeleeni," akasema. Tukarudia karatasi zote tulizokuwa tumeshasahihisha, mpaka saa kumi na moja. Yule mtoto wa namba nilimpa alama zote sita za swali la saba.

Mwezi uliofuata mwalimu mkuu aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na barua ya onyo: utovu wa heshima kwa mkubwa wa kazi.

"Tia saini tu, yaishe," alisema. "Na usitarajie kuitwa tena kusahihisha."

Niliisoma mara mbili. Barua haikutaja mishale popote. Nikachukua kalamu, nikaandika chini yake: *Nimesoma. Sikubali.* Kisha nikatia saini.