Kichwa cha Video ya Sketi

Kwa miaka yote niliyofundisha fizikia, mwanafunzi aliyeniambia kwamba jambo fulani linajulikana na watu wote nilimuuliza swali lile lile: nani aliyelipima, na alilipimaje? Nilipostaafu na kuhamia Gatongora sikuliacha swali hilo nyuma. Watu wa nyumbani kwangu wanalijua na hawalipendi.

Binti yangu ni fundi wa nguo. Aliacha kazi katika kiwanda kimoja cha Thika, akafungua kibanda chake katika mtaa wa Landless, kisha akaanza kurekodi video za kufundisha ushonaji ili apate wanafunzi. Kiwanda kilimhitaji tena. Msimamizi wake wa zamani alimpigia simu na kumpa hadi mwisho wa mwezi ajibu kama atarudi. Binti yangu aliniambia waziwazi kwamba ikiwa video zake zitaendelea kutazamwa na shangazi zake tu, atafunga kibanda na kurudi kwenye mstari wa cherehani za watu wengine.

Jumapili moja, baada ya ibada, alikuja kwangu akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake kwa muda.

"Baba, imekubali! Angalia mwenyewe."

Alinipa simu. Kwenye kioo palikuwa na video ya fundi mmoja wa Pwani, maarufu sana, iliyoitwa "Jinsi ya kukata sketi ya vipande sita". Chini yake, katika orodha ya video zinazopendekezwa, ya pili ilikuwa ya binti yangu, yenye kichwa hicho hicho, neno kwa neno. Hapo awali aliiita "Kazi ya leo kibandani". Mwenye duka la kuhariri video mjini Ruiru ndiye aliyemshauri anakili kichwa cha video inayopendwa, ili yake ijipange kando yake.

"Simu hii ni ya nani?" nikauliza.

"Si ni yangu, Baba."

"Na video yako umeitazama mara ngapi?"

"Aki tangu jana nimeiangalia mpaka sketi yenyewe imenichosha."

Nilichukua simu yangu, ambayo mimi huitumia kwa habari na nyimbo za kwaya, nikaitafuta video ya fundi wa Pwani na kuteremka orodha yote. Zilikuwepo sketi, magauni, hata mapazia. Ya binti yangu haikuwepo.

"Labda simu yako ni ya zamani," akasema.

"Simu yangu haijui kwamba wewe ni binti yangu. Yako inajua unachopenda kutazama, na inakurudishia hicho hicho."

Aliketi, ile furaha imemtoka. Sikufurahi kumwona hivyo. Lakini sikuwa nimethibitisha kwamba ushauri ule ulikuwa wa bure. Nilikuwa nimethibitisha tu kwamba simu yake haikuwa shahidi wa kutegemewa. Jambo lenyewe lilianza kunivuta.

Kesho yake tulikwenda Ruiru. Mwenye duka, mtu wa makamo mwenye miwani juu ya kipara, alitupokea kwa ucheshi.

"Karibu, mwalimu. Nimesikia umekuja kunisahihisha."

"Nimekuja kuuliza. Umejuaje kwamba kunakili kichwa kunasaidia?"

"Kila mtu wa chaneli anajua, mzee."

"Huyo kila mtu simjui. Tuonyeshe watazamaji wa binti yangu walitoka wapi."

Alicheka, lakini akafungua takwimu za chaneli kwenye kompyuta. Nikagundua kwamba mitambo ya mtandao ule wa video huweka kumbukumbu safi kuliko maabara nyingi nilizopata kufanyia kazi. Inaonyesha waliofika kwa kutafuta, waliofika kupitia viungo vilivyotumwa, na waliofika kupitia mapendekezo. Na kwa hao wa mwisho inataja hata video walizokuwa wakitazama kabla ya kuhama. Video ya fundi wa Pwani ilikuwepo. Watu wachache, wageni kabisa, walikuwa wametoka kwake wakaja kwa binti yangu.

"Unaona, mwalimu?" akasema mwenye duka.

Niliona. Ilinibidi nikiri kwamba maneno yale ya kichwa yalikuwa yamesaidia mtambo kuitambua video ile kama ya sketi. Hata hivyo nilimwomba afungue grafu ya muda ambao wageni hao walikaa. Mstari wake ulianguka karibu na mwanzo kama jiwe lililoachiwa. Mtazamaji mmoja alikuwa ameandika chini: "Umetudanganya, hapa hakuna kukata."

Alisema kweli. Video ya binti yangu haikufundisha kukata. Ilifundisha namna ya kurekebisha sketi ambayo tayari imeshonwa na kiuno chake kimezidi.

"Wakija na kutoka hivi," mwenye duka akasema, sasa bila mzaha, "itaacha kupendekezwa. Hapo sikufikiria. Mimi niliangalia taito, sikuangalia video."

Nilirudi nyumbani nikaitazama video ya fundi wa Pwani tangu mwanzo hadi mwisho, kisha nikasoma maoni ya watazamaji wake. Ni kazi inayochosha macho, lakini ilinilipa. Wengi walimshukuru. Wengine, tena na tena, waliuliza swali moja: nimekata kama ulivyosema, mbona kiuno kinapwaya nyuma? Fundi yule hakuwa amewajibu. Jibu lilikuwa limekaa Landless, chini ya kichwa kisicho chake.

Nilikwenda kibandani nikamsomea binti yangu maswali hayo. Aliacha kupiga pasi.

"Ngai! Hawa wote wanauliza kitu niko nayo."

"Basi waambie kwamba unacho. Yaache maneno wanayoyajua, kisha uongeze ukweli."

Tulibishana kwa muda. Mimi nilitaka sentensi kamili. Yeye alisema sentensi yangu ingehitaji kioo cha sinema. Mwishowe aliandika: "Sketi ya vipande sita: kiuno kikipwaya, rekebisha hivi". Alitaka kubadilisha na picha ya mbele ya video pia, nikakataa.

"Tukibadilisha viwili, hatutajua kipi kimefanya kazi."

"Baba, mimi natafuta wanafunzi, sitafuti cheti."

Lakini alikubali. Kichwa hubadilishwa bila kuipakia video upya, kwa hiyo hesabu ya waliokwisha kuitazama haikupotea.

Siku za kwanza hapakuwa na kitu. Kisha mstari wa mapendekezo ukaanza kupanda, taratibu, na safari hii wageni walikaa hadi pale binti yangu anapogawa ziada ya kiuno katika mishono yote sita. Kwenye simu yangu, isiyojua undugu, video ikajitokeza chini ya ile ya Pwani. Mwanamke mmoja wa Kalimoni akaandika kuuliza kama fundi hufundisha ana kwa ana. Mwingine akafuata.

Nilimkumbusha binti yangu kwamba huo ni ushahidi wa video moja tu, na kwamba pengine tulibahatika. Alikuwa ameinama juu ya kitambaa, pini mdomoni. Simu yake ikalia; alikuwa msimamizi wa kiwanda. Alizitoa pini, akaziweka kiganjani mwangu, akapokea.

"Nashukuru sana, madam," akasema, "lakini nina wanafunzi wanakuja Jumatatu."

Baada ya hapo akanyoosha mkono, akizidai pini zake.