Barua Sita Ndani ya Faili la Kaka

Kwa miaka kumi na tisa Bi Barua alikaa kwenye meza moja, akiutazama ukuta mmoja, dirisha likiwa mgongoni kwake. Ofisi ilikuwa ya dalali wa bima, mmoja wa wale wanaosimama kati ya mteja na kampuni, juu ya duka la rangi za nyumba. Mchana harufu ya rangi ilipanda ngazi na kuingia mpaka kwenye chai. Jina la Bi Barua wenzake walimpa kwa sababu ya barua moja tu, ambayo aliitunga akiwa bado msichana na ambayo ofisi iliendelea kuituma kila mwaka bila kubadilisha hata nukta.

Ilisema hivi: "Mteja wetu, mali yako haikai bei moja. Saruji, mbao, mashine na ujira wa fundi hupanda kila mwaka, lakini kiasi ulichokatia bima hakipandi chenyewe. Tafadhali kadiria upya gharama ya kununua na kujenga vyote kwa bei ya leo. Ukikatia pungufu, hata hasara ndogo utalipwa pungufu." Chini palikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza: Nabadilisha kiasi. Cha pili: Kama mwaka jana.

Wateja wengi walitia alama kwenye cha pili. Binadamu akisikia barua ya bima hunusa ada kabla ya kusoma. Bi Barua hakuwalaumu. Yeye kazi yake ilikuwa kuituma, kuandika tarehe kwenye daftari la barua zinazotoka, na kuweka nakala kwenye faili.

Mteja mmoja tu hakuandikwa kwenye daftari hilo. Huyo alikuwa kaka yake.

Kaka alikuwa seremala mwenye karakana yake, mtu wa vitanda na makabati, mwenye kidole gumba kilichopigwa nyundo mara nyingi hata kucha ikakata tamaa. Karatasi aliziogopa kama paka anavyoogopa maji. Kila mwaka dada alimpigia simu.

"Kaka, bima yako inaisha."

"Si ulipe tu, nitakurudishia. Weka kama ilivyo. Kwani wewe uko huko kufanya nini, kufagia?"

Wakacheka. Bi Barua akatia alama kwenye kisanduku cha pili kwa mkono wake, akaikunja barua ya kaka, akaitia kwenye bahasha na kuichomeka ndani ya faili. Aliona hakuna haja ya kumwandikia barua mtu aliyenyonya naye ziwa moja. Siku moja, alijiambia, atakwenda kumsomea. Miaka sita ikapita, na ile siku moja haikufika.

Moto ulianzia kwenye swichi ya msumeno wa meza, siku ya Jumatano saa tano asubuhi, watu wakiwa kazini. Hakuumia mtu. Ila mashine mbili, paa la upande mmoja na mbao zote zilizokuwa zimekaushwa ziliteketea.

Mkadiria hasara aliyetumwa na kampuni alikuwa kijana mpole mwenye viatu vilivyong'aa, akavitia majivu bila kulalamika. Alipima, akapiga picha, akaulizia bei madukani. Baada ya wiki mbili alirudi, akaketi juu ya kigoda ambacho hakijapigwa msasa.

"Fundi, karakana hii na vilivyomo, kwa bei za leo, ni milioni sitini. Wewe umekatia thelathini. Maana yake nusu umeikatia kwetu, nusu umebaki nayo mwenyewe. Hasara ni milioni ishirini. Kampuni inabeba nusu yake, kumi, kisha tunatoa ile sehemu ndogo ambayo kila mteja hujibebea."

"Lakini ishirini ni chini ya thelathini!" alisema mke wa kaka.

"Ni kweli, mama. Ila ada mliyolipa ilikuwa ya nusu ya mali."

"Kwa hiyo moto ulipoingia uliuliza kwanza hati iko wapi, ukachoma nusu ya kila ubao?" Akamgeukia Bi Barua, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Na wewe, wifi, ulikuwa unajua?"

Bi Barua aliinama, akaokota msumari uliokunjwa na moto.

Wifi yake huyo alikuwa mwalimu wa hesabu, si mtu wa kulia akanyamaza. Aliandika malalamiko kurasa mbili: hawakuwahi kuletewa barua wala kushauriwa. Mkuu wa ofisi alipoyasoma alifunga mlango, akamwita Bi Barua.

"Ofisi hii nayo ina bima yake," alisema taratibu. "Ikionekana tulikosa kumshauri mteja, anaweza kutudai ile milioni kumi iliyobaki, na bima yetu ya makosa ya kazi inaweza kumlipa. Lakini kosa litakuwa na mwenyewe. Unanielewa, dada? Sasa niambie, barua zilitumwa?"

Faili lilikuwa mezani kati yao. Halikuwa limefunguliwa bado. Bahasha sita zilikuwa ndani yake, na gundi yake haijaguswa.

Akisema kweli, kaka atapata haki yake na yeye atafukuzwa kazi, atoke na sanduku la vikombe vyake, akiwa na watoto wawili shuleni na umri ambao hakuna ofisi inayoutafuta. Akisema zilitumwa, atabaki na ukuta wake, na kaka atajenga nusu ya paa. Aliomba apewe mpaka kesho. Mkuu akasema sawa, kesho saa nne, na mteja mwenyewe awepo.

Usiku huo alimweleza kaka yote kwa simu: bahasha, visanduku, bima ya ofisi. "Kesho nitasema kweli," alimaliza. Kaka akasema, "Lala."

Asubuhi kaka alikuja amevaa shati la kanisani, peke yake. Mkuu hajamaliza hata salamu, kaka akasema, "Bwana mkubwa, barua nilizipata. Zote. Dada yangu aliniletea kwa mkono, na akanisomea. Mimi ndiye niliyekataa ada kubwa. Mke wangu hakujua, nilimficha."

"Kaka..."

"Nyamaza, mdogo wangu, wakubwa wanaongea." Akacheka kidogo. "Nilikuwa nazitumia kuwashia jiko la kuyeyushia gundi. Karatasi zenu zinawaka vizuri."

Mkuu aliyaandika maneno hayo kwenye karatasi, na kaka akatia sahihi chini yake, kile kidole kibovu kikiibana kalamu. Mkuu akalichukua faili bila kulifungua, akalirudisha kabatini. Bi Barua alitaka kusema, na neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini sasa likitoka lingemfanya kaka kuwa mwongo mbele ya watu, kwa karatasi yenye sahihi yake. Akalimeza.

Kwenye ngazi alimshika mkono. "Kwa nini?"

"Paa hujengwa polepole," kaka alisema. "Wewe ukianguka utajengwa na nani?" Kisha, akiwa ameshateremka vidato viwili: "Ila nyumbani usije mwezi huu. Wifi yako hajapoa. Anadhani kosa ni langu, na abaki hivyo."

Mwaka uliofuata Bi Barua alikwenda kwa miguu kumpelekea kaka barua yake. Karakana ilikuwa na paa upande mmoja na turubai upande wa pili. Walikaa kwenye vumbi la mbao, wakaandika mashine moja moja na bei yake ya wiki ile, mpaka jumla ikatimia. Wifi alipita na ndoo, hakusalimia. Kaka alitia alama kwenye kisanduku cha kwanza.

Jumatatu Bi Barua alirudi mezani kwake. Harufu ya rangi ilikuwa imeshapanda. Aliandika jina la kaka kwenye daftari la barua zinazotoka, mstari wake wa kwanza. Kisha macho yakamteleza nyuma, kwenye kurasa za ile miaka sita ambako mstari huo haukuwepo, na ambazo mtu yeyote angeweza kuzifungua na kuona kwamba barua hazikutoka. Akalifunga daftari, akavuta barua iliyofuata.