Kijiji cha Mabasa na Asilimia Mia na Ishirini

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, Bariadi ikiwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba wilayani mwetu kuna kijiji ambacho wanawake wake hawazai ila mapacha. Mabasa watupu, kama tunavyowaita kwa Kisukuma. Aliyenihabarisha ni dereva wa Landrova ya afya. Aliapa huku mdomo umejaa kiazi: "Kule ukimwona mama ana mtoto mmoja mgongoni, ujue mwenzake kaachwa nyumbani analinda kuku." Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaamini.

Nilikuwa karani wa ofisi ya afya ya wilaya, nimetoka juzijuzi kwenye masomo ya jioni, na hesabu ya asilimia niliipenda kuliko ugali. Kazi yangu ilikuwa kuhakiki taarifa za chanjo za mwaka: sindano zilizotolewa, watoto wa chini ya mwaka mmoja waliolengwa, na asilimia iliyofikiwa. Visipopatana, narudisha.

Asubuhi ile taarifa ya kijiji cha mabasa ilikuwa mezani. Chanjo ya kifaduro: sindano mia mbili na arobaini. Walengwa: mia mbili. Asilimia: mia na ishirini. Nikagawanya, nikazidisha, nikarudia. Vilipatana kama kinu na mchi! Kupita mia hakukunishtua hata kidogo. Kwa mabasa wale, nilijiambia, mia na ishirini ni kidogo, wamejitahidi kujizuia.

Nikampelekea Daktari wa wilaya. Alikuwa amesimama uani, kalamu mkononi, maana chanjo zilikuwa tayari ndani ya sanduku la barafu na hazikutosha vijiji viwili vilivyobaki, kile cha mabasa na Ipililo. Kifaduro kilikuwa kimeingia kijiji cha tatu, jirani na kile cha mabasa, na huko chanjo ilishapelekwa. Watoto walikuwa wanakohoa mpaka wanatapika, na mmoja alishazikwa. Penye asilimia ndogo ndipo gari lingekwenda.

"Mia na ishirini?" Daktari akafurahi. "Hawa wamekingwa. Dereva, pita njia ya Ipililo. Hawa waache."

Dereva akawasha gari. Barafu ilikuwa inayeyuka, na jua la Usukuma halina subira na mtu.

Hapo akatokea sista msimamizi wa kliniki ya mama na mtoto, mama mnene mwenye sauti ya kufukuza fisi. Akainyakua taarifa mkononi mwa Daktari.

"Dereva, zima!"

"Sista, barafu..."

"Zima, nimesema!" Akanigeukia. "Ndugu karani, mia mbili na arobaini umeitoa wapi?"

"Nimeikuta hapo hapo, sista. Nimehakiki. Inapatana."

"Inapatana na nini? Niletee karatasi za vijistari."

Hizo ni karatasi ambamo muuguzi wa zahanati huchora kijistari kila anapochoma sindano. Nilikimbia kuzileta, nadhani hata swala wangenipisha njia. Sista akazitandaza juu ya boneti ya gari. Kidole chake kilishuka safu ya kwanza: tisini. Safu ya pili: themanini. Safu ya tatu: sabini.

"Daktari, wamejumlisha zote," alisema. "Mtoto wa kifaduro huchomwa mara tatu. Aliyemaliza ni yule wa sindano ya tatu tu. Sabini kwa mia mbili."

Nilikokotoa kwa sauti: "Thelathini na tano."

Daktari alivua miwani. Kati ya walengwa mia mbili, mia na thelathini hawakuwa wamekamilisha kinga, na kifaduro kilikuwa ng'ambo ya mashamba yao ya pamba. Akafuta amri yake, akaandika nyingine palepale juu ya boneti.

"Geuza gari," akamwambia dereva. "Ipililo watasubiri. Hawana mgonjwa."

Sista aliparamia kiti cha mbele, sanduku akalipakata kama mjukuu. Mimi bado nilikuwa nimeng'ang'ania mlango. Akanitazama.

"Hebu niambie. Umesoma asilimia mpaka usiku umekuonea huruma. Umeona mia na ishirini, hukushtuka?"

"Nilijua ni sababu ya mabasa, sista. Kule si wanazaa mapacha tu?"

Dereva akageukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Sista hakucheka. "Sikiliza, baba. Mabasa wakizaliwa, wote wawili wanaandikwa kwenye walengwa. Hata kijiji kizima kingekuwa mapacha, mia haipitwi. Na kule wanazaa mmoja mmoja, kama mama yako alivyokuzaa wewe."