Mama Lenah Asikariri

Mtu akifiwa pande za Kitale au Bungoma, yaelekea atakutana nami. Naitwa Makokha. Mimi ndiye MC wa matanga, mimi ndiye mwenye kamera, na mahubiri yakirefuka mno mimi ndiye ninayemvuta mhubiri koti. Nina sauti ya kazi hiyo: nzito, ya pole pole, yenye huzuni ya kukodisha. Mke wangu Edinah husema nikimwomba chumvi mezani kwa sauti ile, yeye hutafuta kitambaa cha machozi.

Ndiyo maana nilipopata kazi kwa watu walio hai, nilijiona nimepanda cheo. Kampuni moja ya Kitale inayouza mashine za umeme za kukatakata majani ya ng'ombe ilitaka video fupi za wateja wakieleza mashine imewafaa vipi. Meneja wa mauzo, Jepkorir, ni mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yanakata kuliko mashine zake.

Video ya kwanza nilimpiga mzee Kipkosgei, karibu na Moi's Bridge. Nilimwandikia maneno matamu: "Tangu nilipoipokea mashine hii ya kisasa, maisha yangu yamechukua mwelekeo mpya." Nikabandika karatasi kando ya kamera, mzee akasoma, macho yakienda kushoto na kulia kama anayevuka barabara ya Eldoret. Jepkorir aliitazama mara moja tu.

"Makokha, huyu mzee ametekwa nyara?"

"Hapana, madam. Ni mteja."

"Basi mwachilieni. Nakupa mmoja wa mwisho, Mama Lenah wa Bungoma. Huyo naye akikariri, naita watu wa Nairobi, na wewe urudi kwa marehemu wako."

Iliniuma. Niliitaka kazi hii kuliko ninavyoweza kusema bila aibu. Nimezika watu tangu ujana wangu, na nilikuwa nimechoka kutoka kazini kila Jumamosi nikiacha watu wanalia.

Nikaketi nikaandika skripti nyingine, isiyo na hata neno moja la mteja kusema. Maswali tu. Mteja aambiwe mada, lakini maswali asipewe mapema, maana akiyapata atakariri majibu. Kamera iwashwe mapema, tuanze na mambo mepesi. Usiulize swali la kujibiwa ndiyo au la, uliza "ilikuwaje?" Mwombe alitaje jambo lenyewe anapojibu, kwa sababu sauti yako itaondolewa. Akikosea, usimsimamishe. Usimwambie "sema tena." Akimaliza, nyamaza kidogo, kwa kuwa mtu hujaza kimya kwa neno lililo moyoni. Nilipomaliza nilijipongeza sana. Kisha, kwa akili zangu timamu, nikasimama mbele ya kioo nikayakariri yale maswali yote.

Kwa Mama Lenah, nje kidogo ya mji wa Bungoma, nilikuta viti vya plastiki vimepangwa uani. Mwenyewe amevaa sare ya kwaya. Majirani wamefika, na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama ameketi mbele kabisa. Kwetu kamera ikiingia bomani, kuna bibi harusi au kuna jeneza, na kwa vyovyote watu watakaa. Nilipaswa kuwaomba kwa upole watuache wawili tu. Badala yake, nilipoona umati, koo langu likajipanga lenyewe.

"Mama Lenah," nikanguruma, "hebu tueleze... ilikuwaje... kabla ya mashine hii?"

Akasimama wima, mikono mbele. "Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena. Nikizingatia itifaki, mwenyekiti, majirani, na mgeni wetu kutoka Kitale, mimi kwa majina naitwa Lenah. Mashine ni mzuri. Tunashukuru kampuni kwa kusimama na sisi. Ni hayo tu."

Nikakumbuka skripti. Nikanyamaza ili ajaze kimya. Akanitazama. Nikazidi kunyamaza, nikainamisha kichwa kidogo kumtia moyo.

"Haya, tuombe," akasema, na wote wakafumba macho.

Mwenyekiti aliomba kwa kirefu, akaikabidhi mashine mikononi mwa Mungu. Nami nikajikabidhi humo humo. Amina yangu ilitoka moyoni.

Majirani wakanywa chai wakaenda zao. Nilibaki kitini, kamera miguuni, nikiwaona watu wa Nairobi wakishuka garini na miwani yao myeusi. Nilitaka kulia, na safari hii hakuna aliyenikodi.

Ng'ombe akalia zizini. Mama Lenah akajifunga leso juu ya sare, kipaza sauti kidogo nilichomvisha mwanzoni bado kimebana kwenye kola yake, akaenda kumlisha. Nikamfuata na kamera, angalau nipate picha za mashine ikifanya kazi. Akabonyeza swichi. Kimya. Stima ilikuwa imepotea.

"Unaona sasa?" akasema akicheka. Akachukua panga, akaketi kwenye gogo, akaanza kukata majani ya napia kwa mkono. Hapo nikaona kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto kimeishia katikati. Sikukumbuka swali hata moja la skripti.

"Mama, kwani hiyo kidole ilifanya nini?"

"Si ni hii panga! Nilikuwa nakata asubuhi, giza bado. Sasa Phelista wangu akaanza kunikatia. Msichana mdogo, akatie ng'ombe kwanza ndio aende shule. Kila siku niko kwa nyumba nasikia panga, ta, ta, ta, roho yangu inaruka. Nasema leo ni kidole ya mtoto. Watu wanafikiria mashine nilinunua juu ya ng'ombe. Ng'ombe ni nani? Nilinunua juu ya Phelista. Hii unasukuma majani ukiwa huku, mkono haifiki kwa kisu."

"Na sasa?"

"Sasa anaamka anakunywa chai kama binadamu. Isipokuwa stima ikipotea. Stima ikipotea, hii mashine ni kabati. Tena kabati mbaya, haina hata mlango."

Nikanyamaza. Haikuwa skripti, macho yangu yalikuwa kwenye panga na kile kidole. Akakata majani kidogo.

"Siku hizi nikisikia panga, najua ni mimi mwenyewe nakata," akasema. "Hiyo hainisumbui."

Nilipoangalia, taa nyekundu ya kamera ilikuwa bado inawaka, sikuwa nimeizima. Nikamweleza, nikamvisha spika za masikioni asikilize yote, nikamwuliza kama ataniruhusu kuitumia.

"Weka," akasema. "Lakini na ile ya maombi weka."

Nyumbani Kitale niliketi kuihariri kwa hofu. Maneno ya kabati niliyaondoa, nikayarudisha, nikayaondoa tena. Kampuni gani italipia kuambiwa hivyo? Lakini bila hayo, mtazamaji hangejua kwa nini mama mwenye mashine anashika panga. Nikayaacha yabaki, na maombi nikayaweka mwishoni kama alivyotaka. Kisha, ili kuipa video heshima, nikaongeza utangulizi kwa sauti yangu mwenyewe: "Katika safari ndefu... ya maisha ya mkulima..." Nikaituma, nikangoja kufukuzwa.

Jepkorir akapiga simu asubuhi.

"Nimeonyesha ofisi nzima. Fundi wetu amelia. Tunaiweka, na nina wateja wengine wa kukupa. Lakini kuna mahali pa kukata."

"Najua, madam. Ile ya kabati."

"Kabati iache. Juu ya hiyo ndio wataamini hayo mengine. Kata mwanzo. Kuna mwanamume hapo anaongea kama amepewa karatasi asome."

Nikamwahidi nitazungumza naye.