Kadi Iliyobofywa Kuliko Zote

Kazini walimwita Mama Vichwa, na wageni waliolisikia jina hilo mara ya kwanza walidhani ana bucha. Kazi yake ilikuwa kuandika vichwa vya habari. Ameifanya miaka ishirini na miwili, kwanza kwenye gazeti la karatasi, kisha karatasi ilipoanza kukonda akahamishiwa ghorofa ya pili kwenye tovuti, na kile kiti chake chenye mguu mmoja mfupi akakibeba mwenyewe ngazini kwa sababu hakuna aliyejitolea.

Alikuwa mtu wa maneno machache na masikio makali. Kichwa kikizidi neno moja alikisikia, kama fundi cherehani anavyosikia sindano inayotaka kukatika. Aliyemfundisha ukali huo ni mama yake mdogo, mwalimu mkuu aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, mwanamke aliyekuwa akirudisha barua za mapenzi za wanafunzi kwa wenyewe zikiwa zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Miezi minne kabla ya haya ninayoyasimulia, akiwa mgonjwa tayari, mama mdogo alimshika mkono akamwambia, "Siku yangu ikifika, maisha yangu utayasoma wewe pale kaburini. Usiwaachie wajomba zako. Wale watatia chumvi mpaka watu wasinijue." Mama Vichwa akaahidi. Sidhani kama maishani mwake kuna ahadi aliyoipenda kuliko hiyo.

Sasa tuje kwenye emoji, zile picha ndogo za kwenye ujumbe wa simu, maana ndizo zilizomkosesha nafasi hiyo.

Mkuu wa kitengo cha tovuti, mtu mwenye viatu vinavyong'aa na subira ya dakika mbili, alirudi kutoka semina fulani akiwa ameshika imani mpya: kichwa chenye emoji kinabofywa zaidi. Wengine wakasema hapana, mitambo ya kutafutia habari mtandaoni inaziondoa, hivyo ni kujisumbua bure. Wakabishana wiki nzima, kila mmoja akiwa na uhakika na hakuna mwenye ushahidi. Mwishowe Mama Vichwa akachoka na kelele.

"Bosi, nipe mwezi mmoja," alisema. "Nitapima."

Akapima kweli. Alichagua kurasa sitini zinazofanana kwa mada na kwa wasomaji. Thelathini akazitia emoji kwenye kichwa cha ukurasa, kile kinachotokea kwenye matokeo ya utafutaji, thelathini akaziacha. Akasubiri mtambo wa utafutaji uzipitie upya, jambo lililochukua siku kadhaa kwa nyingine na wiki mbili kwa nyingine. Kisha hakuridhika na takwimu peke yake, kwa kuwa takwimu zinakuambia ukurasa umeonyeshwa mara ngapi na umebofywa mara ngapi, lakini hazikuambii kichwa kilionekanaje. Akakaa akatafuta kurasa zote thelathini mwenyewe, moja baada ya nyingine, akiandika kwenye daftari. Emoji zilibaki kwenye nne. Kwenye ishirini na sita mtambo ulikuwa umezifuta, na kwingine umekiandika kichwa upya kwa maneno yake. Mibofyo ilikuwa ile ile pande zote mbili, na hakuna ukurasa uliopanda juu kwa sababu ya kupambwa.

Lakini alipima na upande wa pili: ile kadi inayojitokeza mtu akibandika kiungo kwenye kundi la simu au mtandao wa kijamii, yenye picha, kichwa na mstari wa maelezo. Huko hakuna anayefuta chochote. Ulichokiweka ndicho kinachotokea, isipokuwa kwenye simu kuukuu zinazoonyesha kisanduku kitupu. Na huko, kadi zenye emoji zilibofywa zaidi kwa karibu moja ya tano.

Aliandika ripoti ya kurasa tatu. Alisema wazi kwamba kwenye utafutaji ni bure, kwenye kadi zinasaidia, na kwamba habari za vifo, ajali na mahakama zisiguswe hata siku moja. Mkuu alisoma sehemu ya katikati.

"Umeona? Nilisema mimi!" alifurahi, na juma lile lile akaamuru mtambo wa tovuti uweke emoji wenyewe kwenye kila kichwa cha ukurasa na kila kadi, kufuatana na safu ya habari. Michezo ikapewa mpira. Afya ikapewa moyo. Elimu, kwa kuwa ulikuwa msimu wa matokeo ya mitihani, ikapewa lile bomba linalorusha karatasi za rangi kwenye sherehe. Mama Vichwa akaenda mlangoni kwake kupinga.

"Na Tanzia je?"

"Tanzia tumeiacha wazi, mama. Mimi si mnyama."

Akaridhika. Alipaswa kuuliza swali moja zaidi, na hakuliuliza.

Mama mdogo alifariki Jumatano asubuhi. Kufikia saa sita Mama Vichwa alikuwa mezani pake, macho yamevimba, akiandika taarifa ya kifo mwenyewe kwa kuwa hakutaka mkono mwingine uiguse. Kichwa alikiandika mara saba. Akaweka hiki: Mwalimu wa miaka thelathini na minne ametutoka. Akaweka alama kwenye safu ya Tanzia, na kwa kuwa marehemu alikuwa amefundisha miaka yote hiyo, akaweka alama kwenye Elimu pia, ili wanafunzi wake wa zamani waione. Akafungua ukurasa, akausoma. Ulikuwa safi, kwa sababu mtambo haukupamba kichwa kinachosomwa ndani ya ukurasa. Ulipamba kile cha utafutaji na kile cha kadi tu. Kila siku aliwasisitizia wenzake wabandike kiungo kwenye simu zao kwanza waione kadi. Siku hiyo hakukumbuka. Alimtumia kiungo mdogo wake, mtoto wa kiume wa marehemu, kwa barua pepe, naye akakibandika kwenye kundi la ukoo lenye watu mia mbili na kumi.

Habari ikiwa na safu mbili, mtambo ulichukua emoji ya safu ya kwanza kwa alfabeti. Elimu hutangulia Tanzia.

🎉 Mwalimu wa miaka thelathini na minne ametutoka.

Simu ikaanza kulia. Shangazi mmoja aliuliza kwa herufi kubwa kama kuna anayesherehekea. Mama Vichwa alipoiona ile kadi aliufungua mtambo wa tovuti papo hapo. Ndani ya dakika tano alikuwa ameondoa alama ya Elimu na kuhakikisha emoji imetoka. Ukibandika kiungo upya, kadi ilikuja safi. Lakini kadi zilizokwisha kutumwa hazibadiliki. Simu huitengeneza kadi wakati wa kutuma, ikaambatana na ujumbe, na huko iendako inabaki ilivyo. Mdogo wake aliufuta ujumbe wa kwanza, lakini watu walikuwa wameshausambaza: kundi la walimu wastaafu, kundi la kanisa, makundi ya wanafunzi wa miaka hii na ile. Wengi wao walisambaza kwa hasira, na hasira husambaza haraka kuliko huzuni.

Jioni alikwenda msibani. Mdogo wake alimwita nyuma ya nyumba, penye matangi ya maji. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha zaidi.

"Dada, nieleze."

Akaeleza. Mtambo, safu mbili, alfabeti. Kadri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kunuka kisingizio, hata yeye mwenyewe akayasikia.

Mdogo wake akatoa simu. "Mchana, kabla hujarekebisha, nilimtafuta mama mtandaoni. Nilitaka kuona ulimwengu mzima unaona nini. Nikapiga picha. Tazama."

Kwenye picha, katika orodha ya matokeo ya utafutaji, kichwa kilikuwa safi kabisa. Mwalimu wa miaka thelathini na minne ametutoka. Hakuna bomba wala karatasi za rangi.

"Kumbe unajua kumwandika kwa heshima," alisema. "Watu wasiomjua mama umewawekea heshima. Sisi ndugu zako ndio umetuletea sherehe."

"Sikuwawekea mimi. Mtambo wa utafutaji ndio umeifuta. Huwa unafuta, nilipima mwenyewe, ishirini na sita kati ya..."

Alijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote katika mji ule, na haikuwa na kazi yoyote pale kwenye matangi. Yule kijana ambaye yeye aliwahi kumbeba mgongoni alikuwa akimtazama kama karani mwongo wa ofisi ya serikali.

"Wazee wamekaa," mdogo wake akasema. "Jumamosi atasoma mjomba."

"Mama aliniomba mimi. Mdogo wangu, nakuomba. Aliniomba mimi!"

"Najua. Nilikuwepo."

Jumamosi alisimama safu ya nne. Mjomba alisoma robo tatu ya saa. Alisema marehemu hakuwahi kumwadhibu mtoto. Wanafunzi wake wa zamani walitazamana. Alisema alikuwa mpole kama maji ya mtungini, na Mama Vichwa, aliyekuwa na karatasi mbili ndani ya mkoba, maneno mia nne yaliyopimwa moja moja, alijikaza mpaka taya zikamuuma. Hakulia mbele za watu. Uchungu wake ulikuwa umepita kiasi cha kulia.

Jumatatu kulikuwa na kikao cha wiki, kama kawaida. Hakuwa ameeleza chochote kazini. Ruhusa aliomba ya siku moja tu, kwa sababu za kifamilia. Mkuu alizima taa, akawasha skrini ya ukutani, akaonyesha takwimu za juma zilizotayarishwa na mtu wa takwimu wa ghorofa ya tatu.

"Sasa hii ndiyo nataka muione," alisema, naye alikuwa na furaha ya kweli. "Kadi iliyobofywa kuliko zote tangu tuanze. Mara elfu tisa. Na ni tanzia, jamani! Tulikuwa tunaogopa tanzia bure."

Ikatokea ukutani kama ilivyosambaa, kubwa kama mlango. Picha ya mama mdogo ilikuwa ile aliyoichagua yeye, yenye miwani. Juu ya jina la kazi yake, karatasi za rangi zilikuwa zikiruka.

"Walibofya kwa hasira," Mama Vichwa alisema.

"Mbofyo ni mbofyo, mama. Hauna hasira wala furaha." Akageukia wengine. "Napendekeza Tanzia nayo tuiwekee kitu. Si lazima hiki. Njiwa, mshumaa, tutajaribu. Mama Vichwa atatupimia, si ndiyo? Hakuna anayepima kama yeye."

Alisimama. Kiti chake chenye mguu mfupi kiligonga sakafu.

"Huyo ni mama yangu mdogo," alisema. "Ndiye aliyenilea. Tumemzika juzi."

Mtu mmoja akawasha taa, halafu akaona aibu ya kuiwasha. Mkuu aliweka kalamu mezani, na uso wake ukabadilika kweli, simsingizii.

"Pole," alisema. "Pole sana, mama. Sikujua. Hakuna aliyeniambia."

Walisubiri aketi, hakuketi. Mkuu akatazama ukuta, akamtazama yeye, akatazama tena ukuta. Alipozungumza, alizungumza kwa upole mkubwa.

"Ripoti inakwenda kwa wakurugenzi saa nane. Picha na jina la marehemu nitavifunika. Lakini ile namba, mama, utaniruhusu niiache?"